Mvulana akivimba matiti: balehe au ugonjwa?

Wazazi wengi hushtuka mtoto wao wa kiume anapowaambia kwamba ana uvimbe chini ya chuchu. Wengine hudhani ni saratani, wengine hudhani mtoto anageuka msichana. Mara nyingi si kimoja wala kingine. Karibu nusu ya wavulana hupata uvimbe huu wakati wa kubalehe, hasa kati ya miaka 12 na 14.

Kwa nini hutokea

Mwili wa kila mvulana hutengeneza homoni za kiume na kiasi kidogo cha homoni za kike. Balehe inapoanza, homoni za kiume huchelewa kidogo kufikia kiwango chake. Katika kipindi hicho tezi ndogo iliyo nyuma ya chuchu huamka na kukua. Homoni za kiume zikishaongezeka vya kutosha, tezi hupungua yenyewe. Kwa wavulana wengi uvimbe huisha kati ya miezi sita na miaka miwili.

Hali hii inaweza kumpata pia mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu kisha akaanza kula vizuri. Njaa hushusha homoni, na chakula kikirudi zinaamka upya, kama vile mwili unabalehe mara ya pili. Ilionekana kwa wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia baada ya kuachiliwa. Kama mtoto wako amepitia njaa njiani au kabla ya kukimbia, mweleze tabibu.

Mfano

Tuchukue mvulana wa miaka 13. Sauti yake imeanza kukwaruza na nywele za sehemu za siri zimeota. Titi la kushoto lina uvimbe wa ukubwa wa kifungo cha shati, na huuma mpira ukimgonga kifuani. Ameacha kuoga na wenzake kwa sababu wanamcheka.

Kituoni, tabibu anamwuliza uvimbe ulianza lini na kama anatumia dawa yoyote. Anajibu kwamba una miezi minne na hatumii dawa. Tabibu anamlaza chali, anaweka kidole gumba upande mmoja wa titi na kidole cha shahada upande mwingine, kisha anavisogeza taratibu kuelekea kwenye chuchu. Anahisi kitu cha mviringo kama kisahani kidogo, kigumu kiasi kama mpira, kipo katikati chini ya chuchu na kinasogea. Hiyo ni tezi ya balehe. Kama vidole vingefika kwenye chuchu bila kugusa kitu kama hicho, yangekuwa mafuta tu ya unene. Upande wa kulia kuna tezi nyingine ndogo, jambo la kawaida pia. Mwisho anapima korodani, nazo hazina uvimbe.

Mvulana huyu hapewi dawa. Anaambiwa arudi baada ya miezi sita, au mapema zaidi kukiwa na mabadiliko.

Lini usingoje

Mpeleke mvulana kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

- Uvimbe uko pembeni ya chuchu, ni mgumu kama jiwe au hausogei.
- Chuchu inatoa damu, usaha au majimaji, au ngozi imejikunja kwa ndani.
- Titi ni jekundu, la moto, na mtoto ana homa. Huenda ni jipu, hivyo nenda siku hiyo hiyo.
- Korodani moja ina uvimbe au imekuwa ngumu. Uvimbe wa korodani unaweza kutoa homoni zinazokuza matiti.
- Matiti yameanza kukua kabla ya dalili nyingine yoyote ya balehe.
- Uvimbe unakua haraka, ni mkubwa kama titi la msichana, au umepita miaka miwili.
- Macho yamekuwa ya manjano au tumbo limejaa maji, kwa kuwa ini lenye ugonjwa huvuruga homoni.

Dawa nazo zinaweza kusababisha. Efavirenzi, inayotumiwa na baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ni mojawapo. Usimwachishe mtoto dawa hiyo kwa uamuzi wako. Nenda nayo kliniki, tabibu ataona kama inafaa kubadilishwa.

Mambo ya kuepuka nyumbani

Usiminye uvimbe, usiukande kwa kitu cha moto, usiuchanje wala kuupaka dawa kali za mitishamba. Tezi haiondoki kwa njia hizo, ila ngozi huungua au hupata jipu, na hapo kitu ambacho kingeisha chenyewe kinageuka kidonda. Fulana ya kubana kidogo ndani ya shati inatosha kupunguza maumivu na aibu wakati wa michezo. Kituoni, mvulana ana haki ya kuomba apimwe faragha, na mzazi au mtu anayemwamini awepo.