Kwa nini "afraid" hutaka "of"

Mwanafunzi wa kidato cha pili ameandika hivi katika insha yake ya Kiingereza: "We discussed about the drought. My father depends to rain. He is afraid hunger." Nyakati za vitenzi ziko sawa na tahajia haina kasoro, lakini kila sentensi ina kosa, na kosa lenyewe ni la kihusishi, yaani kile kineno kifupi kinachofuata kitenzi au kivumishi. Mara ya kwanza kimeongezwa pasipohitajika, mara ya pili kimechaguliwa vibaya, mara ya tatu kimesahaulika.

Vitabu vingi huyapanga maneno haya kwa alfabeti, kuanzia "accuse of" hadi "worry about", na mwanafunzi huambiwa akariri. Mimi naiona orodha hiyo kuwa sehemu ya tatizo. Huyaweka jirani maneno yasiyojuana, na kuyatawanya yale ya ukoo mmoja. Mwalimu akiyakusanya kwa koo, mwanafunzi anapata sababu ya kushikilia.

Tuanze na woga. Mswahili husema "naogopa mbwa", na kitenzi hakihitaji msaada wowote ili kumfikia mbwa. Kiingereza nacho kina kitenzi cha aina hiyo, "fear": "I fear dogs". Lakini "afraid" si kitenzi, ni kivumishi, na vivumishi vya Kiingereza, isipokuwa vichache sana, haviwezi kukishika kitu moja kwa moja. Lazima kihusishi kiingie katikati: "afraid of dogs". Ndugu zake "scared", "frightened" na "terrified" hufuata njia hiyo hiyo, wote na "of". Nomino nazo zina udhaifu huo huo, kwa hiyo neno "fear" likigeuka kuwa nomino linadai "of": "my fear of dogs".

Hapo ndipo "discuss about" inapopata maelezo. Kosa hili husikika sana Nairobi na Dar es Salaam, hata vinywani mwa watu waliosoma sana. Kitenzi "discuss" hushika mada chenyewe, kama "jadili" katika "tulijadili ukame". Nomino "discussion" ndiyo inayotaka "about". Msemaji amekichukua kihusishi cha nomino akakibandika kwenye kitenzi, na pengine "tulijadiliana kuhusu" ya Kiswahili imemsukuma huko. "Emphasise on" na "request for", zikitumiwa kama vitenzi, zina asili hiyo hiyo: "emphasis on" na "a request for" ni sahihi kwa sababu hapo ni nomino.

Ubaoni, chora safu tatu: kitenzi, kivumishi, nomino. Mstari wa kwanza uandike "depend on", "dependent on", "dependence on". Ukoo huu wa kuegemea una pia "rely on" na "count on", na "on" yake haibadiliki ukihama safu. Mstari wa pili: "fear" pamoja na kistari kuonyesha kwamba hakuna kihusishi, kisha "afraid of", kisha "fear of". Mstari wa tatu: "discuss" na kistari, nafasi tupu kwenye kivumishi, halafu "discussion about". Waache wanafunzi wavitazame vile vistari kwa muda, maana ndivyo orodha ya alfabeti isivyovionyesha kamwe.

Kisha irudie insha. "We discussed the drought. My father depends on rain. He is afraid of hunger." Sasa waambie wazihamishe sentensi hizo kwenye safu ya nomino: "our discussion about the drought", "his dependence on rain", "his fear of hunger". Mwisho waulize maswali. Kwa kuwa Kiswahili husema "unaogopa nini?", wengi wataandika "What are you afraid?" wakaishia hapo. Kihusishi hakipotei kwenye swali, hubaki mwishoni: "What are you afraid of?"

Koo zina waasi wake. "Dependent" huenda na "on", lakini "independent" huenda na "of". Mtu huwa "proud of" mwanawe, ila "pride" yenyewe hutaka "in". Hawa wafundishwe kwa majina yao, baada ya ukoo kukaa vizuri kichwani.

Tahadhari nyingine imetolewa na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati kutoka New Zealand: maneno yanayokaribiana kimaana yakifundishwa kwa pamoja, huchanganyana. Kwa hiyo "afraid of" na "worried about" yasikutane katika somo moja, wala "good at" na "good for". Utajua umeharakisha pale mwanafunzi atakapokuambia, wiki inayofuata na ubao ukiwa mtupu, kwamba yeye ni "worried of the exam". Rudi kwenye ukoo wa "of" peke yake, uache "about" isubiri.