Toa Vitabu Vyako Kabla Hujafunga Programu

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa ameamua kuachana na programu ya hesabu aliyoitumia mtandaoni kwa miaka mitatu. Bei imepanda, naye amepata nyingine inayomtosha. Wazo la kwanza linalomjia ni kuifunga kadi ya benki ili asikatwe pesa tena. Wazo hilo lina hatari. Mwenye programu haoni kwamba mteja ameaga. Anaona malipo yaliyokwama. Mkataba unaendelea, deni linaandikwa, na akaunti inaweza kufungwa ankara na madeni ya wateja yakiwa bado mle ndani.

Na kumbukumbu hizo bado atazihitaji. Sheria za kodi za Kenya na Tanzania humtaka mfanyabiashara atunze hati zake kwa miaka 5. Programu hazisubiri muda huo. QuickBooks Online, kwa mfano, humwachia mteja aliyesitisha huduma ya kulipia mwaka 1 wa kusoma tu. Nyingine hufunga mlango siku ile ile muda uliolipiwa unapokwisha.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kalenda. Mkataba wa duka letu ni wa mwaka, nao unajihuisha tarehe 30 Juni. Ukisomwa vizuri unadai notisi ya siku 30, maana yake barua ifike kabla ya Mei kwisha. Mwenye duka akikumbuka katikati ya Juni, huenda akalazimika kulipia mwaka mwingine mzima.

Mwanzoni mwa Mei anaanza kutoa kumbukumbu. Anahitaji leja kuu, urari, orodha ya wateja na wanachodaiwa, orodha ya wauzaji, bidhaa zilizopo, na ankara zote. Kitufe huwa kimeandikwa `Export`. Leja na orodha azitoe kwa muundo wa CSV, ambao programu yoyote ya majedwali huufungua. Ankara azitoe pia kwa PDF, zibaki kama zilivyotumwa kwa mteja. Picha za risiti zilizobandikwa kwenye miamala mara nyingi hazitoki pamoja na leja, hivyo azitafute peke yake.

Faili kushuka kwenye kompyuta si ushahidi kwamba limekamilika. Skrini inaonyesha wateja wanadaiwa shilingi 1,840,000, lakini faili likijumlishwa linatoa 1,215,000. Pesa hazijapotea: ripoti ilikuwa imewekwa kwenye mwaka huu pekee, na madeni ya zamani ya shilingi 625,000 yakaachwa nje. Anapanua tarehe hadi siku ya kwanza ya kutumia programu, anatoa upya, na hesabu zinalingana. Kisha anachagua ankara kumi za miaka tofauti na kuzilinganisha moja moja na zilizo kwenye skrini.

Kuna kosa jingine linalojificha. Excel ikifungua CSV moja kwa moja, namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri, na 03/04 inaweza kusomwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Dawa yake ni kupitia `Data`, kisha `From Text/CSV`, na kuziweka safu za simu na tarehe kuwa maandishi. Faili la asili liachwe bila kuguswa, na nakala ya pili ikae nje ya kompyuta ile.

Sasa ndipo anapoingia sehemu ya malipo, `Billing`. Kuzima `Auto-renew` kwa kawaida huzuia malipo yajayo tu, na mteja huendelea kutumia huduma hadi mwisho wa muda aliolipia. `Cancel subscription` inaweza kukata huduma papo hapo, kwa hiyo asome onyo linalotokea kabla ya kukubali. Vyovyote iwavyo, anatuma na barua pepe:

"Naomba mkataba wetu usihuishwe tarehe 30 Juni. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi siku ya mwisho ya kuingia kwenye akaunti, na mtupe kumbukumbu zetu zote pamoja na viambatisho ambavyo hatukuweza kuvitoa wenyewe. Tuelezeni pia data yetu itafutwa lini."

Jibu likichelewa, asinyamaze. Aandike tena akitaja tarehe ya barua ya kwanza, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayomtetea wakibishana. Uthibitisho ukifika, auhifadhi pamoja na faili zake. Mwanzoni mwa Julai atazame taarifa ya benki. Makato yakionekana, ana barua ya Mei ya kudai pesa zirudi. Yasipoonekana, kadi inaweza kuondolewa kwenye akaunti bila wasiwasi, kwa maana vitabu vya miaka mitatu viko mikononi mwake.