Namna ya Kugeuza Tangazo la Ratiba ya Boti Kuwa Jedwali

Matangazo mengi ya usafiri wa majini hutolewa kwa sentensi, kwa kuwa husomwa redioni na kubandikwa ukutani. Abiria, hata hivyo, hutafuta jambo moja tu: chombo cha kwenda kwake kinaondoka siku gani na saa ngapi. Jedwali humpa jibu hilo kwa haraka, mradi liandaliwe kwa uangalifu.

Chukua tangazo hili, lililotungwa kwa ajili ya mfano tu na lisilo ratiba ya chombo chochote: "Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja itaondoka kila siku saa 1:00 asubuhi na saa 10:00 jioni. Kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam itaondoka saa 4:00 asubuhi, isipokuwa Jumapili, ambapo itaondoka saa 6:30 mchana. Meli ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba, itaondoka saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumatano."

Hatua ya kwanza ni kutenganisha njia. Kwenda na kurudi ni njia mbili, hata kama chombo ni kimoja, hivyo tangazo hili lina njia tatu. Hatua ya pili ni kuipa kila saa ya kuondoka mstari wake. Neno "isipokuwa" huzaa mstari mpya: safari ya saa 4:00 inabaki Jumatatu hadi Jumamosi, na ya saa 6:30 inasimama peke yake Jumapili. Sharti hilo limo katika sentensi ya pili, kwa hiyo haliondoi safari za Jumapili za kutoka Dar es Salaam.

Hatua ya tatu ni kuandika saa kwa mtindo wa saa 24. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, punguza 6. Mwandaaji akisahau kubadili, abiria aliyezoea saa 24 atadhani boti ya saa 10:00 jioni inaondoka saa nne asubuhi.

| Njia | Saa | Saa 24 | Siku | Safari kwa wiki |
|---|---|---|---|---|
| Dar es Salaam–Unguja | 1:00 asubuhi | 07:00 | Kila siku | 7 |
| Dar es Salaam–Unguja | 10:00 jioni | 16:00 | Kila siku | 7 |
| Unguja–Dar es Salaam | 4:00 asubuhi | 10:00 | Jumatatu–Jumamosi | 6 |
| Unguja–Dar es Salaam | 6:30 mchana | 12:30 | Jumapili | 1 |
| Unguja–Mkoani | 6:30 usiku | 00:30 | Jumatano* | 1 |

*Abiria wafike bandarini Jumanne usiku.

Alama hiyo ya nyota ni ya lazima. Kwa kalenda, saa 00:30 ni Jumatano, lakini abiria hutoka nyumbani Jumanne. Asiyeelezwa hivyo atafika Jumatano usiku, karibu siku nzima baada ya meli kuondoka. Tangazo likisema "usiku wa Jumatano" pekee, utata huongezeka, kwa kuwa watu wengi wa pwani huhesabu siku kuanzia jua kuchwa, na kwao huo ndio usiku unaotangulia mchana wa Jumatano. Mwandaaji anapaswa kuuliza kabla ya kuandika.

Hatua ya mwisho ni kuhakiki kwa kuhesabu. Safari za kwenda Unguja ni 14 kwa wiki, ilhali za kurudi ni 7. Boti iendayo kasi huvuka kwa takriban saa mbili. Hivyo inayoondoka Dar es Salaam saa 10:00 jioni hufika Unguja kama saa 12:00 jioni. Ikiwa ni boti ileile, haiwezi kuondoka tena Dar es Salaam saa 1:00 asubuhi inayofuata bila kurudi usiku au alfajiri. Basi ama kuna boti ya pili, ama inarudi bila abiria, ama safari moja imesahauliwa katika tangazo. Katika sentensi pengo hilo halikuonekana; katika jedwali linajitokeza mara moja.

Mwandaaji hapaswi kulijaza pengo kwa kukisia. Huacha nafasi hiyo wazi na kumrejea aliyetoa tangazo, kwa sababu abiria akiona saa imeandikwa katika jedwali huiamini, hukata tiketi na kupanga safari yake kwa saa hiyo. Akishapata jibu, aandike juu ya jedwali tarehe ratiba inapoanza kutumika, ili lililotangulia libanduliwe ukutani.