Maumivu ya Kati ya Mabega

Mgonjwa anapopeleka mkono nyuma na kusema "naumwa hapa," kati ya mabega, ametuonyesha mahali tu. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye mfuko wa nyongo, umio na moyo huingia kwenye uti wa mgongo katika ngazi zilezile za kifua zinazopokea habari za misuli na viungio vya mgongo wa juu. Ubongo umezoea kupata habari nyingi za misuli na chache sana za nyongo, kwa hiyo kiungo cha ndani kikiumia, lawama huangukia mgongo. Ndiyo maana tunauliza zaidi maumivu yanaanza lini, yanakaa muda gani na yanatulizwa na nini.

Tumchukue mama fundi cherehani wa miaka 43 anayesema mgongo unamsumbua. Akiulizwa kwa utulivu, inaonekana ana maumivu ya aina mbili. Ya kwanza huja alasiri, baada ya kuinamia kitambaa kwa saa nyingi. Akigeuza kiwiliwili au akivuta pumzi ndefu yanachoma, na daktari akibonyeza karibu na pingili, ubavu unapoungana na uti wa mgongo, mama anaruka: ndiyo yenyewe hasa. Akisimama na kujinyoosha, yanapungua. Haya ni ya viungio na misuli.

Ya pili huja usiku, saa moja au mbili baada ya kula pilau lenye mafuta mengi. Huanzia chembe ya moyo, husogea chini ya mbavu za kulia, kisha hutokea nyuma, kati ya mabega na chini ya bega la kulia. Hupanda haraka, hubaki palepale kwa saa mbili hivi, halafu huisha. Wakati huo hapati mkao wa kumpa nafuu. Huzunguka chumbani na kutapika. Kumchua mgongo hakubadilishi kitu, na kuubonyeza hakuyaamshi maumivu hayo.

Hiyo ni lugha ya mfuko wa nyongo: jiwe limeziba njia yake kwa muda, kisha likaachia. Altrasaundi, aliyofanyiwa akiwa hajala kwa saa kadhaa, ilionyesha mawe. Picha peke yake isingetosha, kwa sababu watu wengi wana mawe yasiyowasumbua kamwe. Hapa picha imekubaliana na maelezo yake. Alipoondolewa mfuko huo, maumivu ya usiku yalikoma. Ya alasiri yalibaki mpaka alipobadili kimo cha kiti na kuanza kusimama mara kwa mara. Kama shambulio la usiku lingepita saa sita, au lingekuja na homa, baridi au macho ya manjano, ingebidi aende hospitali usiku uleule, maana mfuko au mirija ya nyongo huenda imeshapata maambukizi.

Umio hujitambulisha kwa kiungulia, maji machungu mdomoni, na maumivu yanayozidi mtu akiinama au akilala baada ya kula. Ukikaza misuli yake ghafla, unaweza kubana kifua na mgongo kama moyo ufanyavyo. Hapa kuna mtego: kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi hulegeza umio pia, kwa hiyo nafuu yake si ushahidi kwamba moyo ndio mgonjwa. Vilevile nafuu ya dawa ya kiungulia haiuondoi moyo kwenye shaka.

Moyo hufuata kazi. Mtu hupanda ngazi au hubeba ndoo, mgongo unabana. Akipumzika dakika chache, unaachia. Akirudia kazi ileile, unarudi. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, kifua chenyewe kinaweza kisiume sana. Mbano unaokuja mtu akiwa ametulia, ukaendelea zaidi ya dakika 15 pamoja na jasho baridi au kukosa pumzi, ni wa kukimbizwa hospitali. Kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo kinaweza kutoka safi, ndiyo maana hurudiwa, na damu hupimwa troponini zaidi ya mara moja kwa saa kadhaa. Kuuma ukibonyezwa mgongo pia si hati ya kuachiliwa: mgonjwa wa moyo naye ana misuli inayouma.

Yapo maumivu mengine, ya nadra na ya hatari zaidi, ya mshipa mkuu wa damu kuchanika kwa ndani, hasa kwa mwenye presha ya muda mrefu. Hayapandi polepole, hufika kileleni papo hapo, na mgonjwa mara nyingi husema kitu kimepasuka kati ya mabega. Presha ya mkono mmoja inaweza kutofautiana sana na ya mwingine. Aspirini, ambayo hutafunwa miligramu 300 kwa shambulio la moyo, hapa huweza kuzidisha uvujaji wa damu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwambia daktari wa zamu ni namna maumivu yalivyoanza, ghafla au kidogo kidogo, na mgonjwa alikuwa akifanya nini.