Salfa ya SA Yapimwa kwa Mizani

Mfuko wa mbolea ya SA huandikwa naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Mkulima hana namna ya kuiona hiyo 24, lakini maabara inaweza kuihakiki, hata ile isiyo na mashine za gharama. Inatosha kuwa na mizani nyeti, tanuru na bariamu kloraidi. Salfeti ya mbolea ikikutana na bariamu, hugeuka bariamu salfeti, unga mweupe ambao lita nzima ya maji huyeyusha miligramu 2 au 3 tu. Unaukusanya, unauchoma, unaupima. (Bariamu kloraidi ni sumu, ishikwe kwa uangalifu. Bariamu salfeti ndiyo ule uji mweupe anaonyweshwa mgonjwa kabla ya eksirei ya tumbo, na haimdhuru kwa sababu haiyeyuki.)

Tuseme umepima gramu 0.4000 za SA. Ziyeyushe katika mililita 250 hivi za maji, utie mililita 1 ya asidi kali ya haidrokloriki, kisha upashe moto mpaka karibu kuchemka. Asidi inazuia kabonati na fosfeti zisishuke pamoja na salfeti. Ukiizidisha, itaanza kuyeyusha hata mashapo unayoyataka.

Kwa kiasi hicho cha mbolea, mililita 17 za bariamu kloraidi ya asilimia 5 zinatosha, na ziada kidogo imo. Ipashe moto nayo, kisha idondoshe taratibu huku unakoroga. Hapa ndipo kazi inapoharibika kwa wengi. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, chembe ndogo mno huzaliwa kwa mamilioni, tena zinakua kwa pupa na kufungia ndani yake chochote kilicho jirani. Mchanga uliokandwa pamoja na unga hautoki kwa kuiosha chapati. Na uchafu uliofungiwa ndani ya chembe hautoki kwa maji ya kuoshea, hata yawe moto namna gani.

Mashapo yakishashuka, usikimbilie kuchuja. Funika bika, uliache juu ya maji ya moto ya nyuzi 80 hadi 90 kwa saa 2 au zaidi. Wengine hulaza usiku kucha. Katika muda huo chembe ndogo huyeyuka polepole na kujijenga upya juu ya zile kubwa. Mashapo huwa mazito, hutulia chini, na maji ya juu hung'aa. Ukichuja mapema, utaona ukungu katika maji yaliyopita kwenye karatasi: hizo ni gramu zako zinaondoka. Kujijenga upya huko pia hutoa sehemu ya uchafu, ila si wote. Kuivisha mashapo hakuwezi kufuta haraka ya mwanzo.

Sasa osha kwa maji ya moto hadi tone la fedha nitreti lisilete wingu katika maji yanayotoka. Choma karatasi taratibu bila kuiacha iwake moto, kisha tanuruni nyuzi 800, hewa ikipita vizuri. Hewa ikikosekana, kaboni ya karatasi hugeuza sehemu ya salfeti kuwa bariamu salfaidi, na uzito unapungua.

Mizani inasoma gramu 0.6985. Zidisha kwa 0.1374, gawanya kwa 0.4000: salfa ni asilimia 23.99. SA safi kabisa ina 24.27. Je, mbolea ina upungufu, au kosa ni la kwetu?

SA ina mtego wake. Amonia ikifungiwa ndani ya chembe, huwa imeshika salfeti iliyopaswa kushikwa na bariamu. Tanuruni vyote viwili hupotea angani na jibu hushuka. Bariamu kloraidi ikifungiwa, jibu hupanda, kwa kuwa umepima kitu kisichotoka kwenye mbolea. Nitreti hufanya vivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Makosa haya mawili huweza kufutana, na jibu likaonekana zuri kuliko kazi iliyolileta. Kwa maoni yangu hilo ni la kutisha kuliko jibu baya.

Njia ya kujua ni kupima, sambamba na sampuli, amonia salfeti safi ya dukani. Nayo ikitoa 24.0, kosa ni la maabara. Tena, pitisha sampuli nyingine kwanza kwenye mrija wa punje za resini zinazoshika amonia na kuachia haidrojeni, kisha pima upya. Jibu likipanda, amonia ndiyo iliyokuwa ikiiba. Likibaki 23.99, na ile safi imetoa 24.27 kwa njia zote mbili, basi upungufu ni wa mbolea. Na hata hivyo mfuko huo hauna kosa, kwani 23.99 ni 24 kama ilivyoandikwa.