Kupinga Hoja ya Kuzuia Wahamiaji Mjini

Hoja iliyo mezani: miji inayokua haraka izuie watu wa vijijini kuhamia. Mwanafunzi anayepinga asianze na huruma, aanze na ushahidi wa Dar es Salaam:

"Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa majaji, dawa hii tumeshaijaribu. Mwaka 1983, chini ya kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi inayotambulika walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa sababu umaskini uliowaondoa kijijini ulikuwa bado palepale. Sensa ya 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 jijini. Ya 1988 ikahesabu zaidi ya 1,360,000."

Hapo upande wa pili utasema kwamba bila kampeni hiyo idadi ingekuwa kubwa zaidi. Takwimu peke yake haiwezi kulikanusha hilo, kwa hiyo msemaji aegemee sababu ya watu kurudi.

Swali gumu zaidi ni hili: je, wanaojenga Jangwani, mahali panapofurika, waachwe? Ajibu:

"Hapana. Lakini kinachowapeleka bondeni ni uhaba wa viwanja vilivyopimwa wanavyovimudu. Anayeogopa kukamatwa hujificha, na jiji haliwezi kumpangia maji wala shule mtu lisiyemhesabu. Tena hata lango likifungwa, watoto wataendelea kuzaliwa humu humu mjini. Jiji lipime viwanja kabla watu hawajafika. Naomba hoja hii ikataliwe."