Tarakimu Sita Zinalindwa na Nini?

Mwaka 2019 mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka India, Laxman Muthiyah, aliamua kuichunguza njia ambayo Instagram huwapa watu waliosahau neno la siri. Mtu huandika namba yake ya simu, hutumiwa meseji yenye tarakimu 6, kisha huziingiza kabla ya dakika 10 kuisha. Ndizo hizo namba za mara moja ambazo wengi sasa wanaziita OTP. Muthiyah hakutaka kujua zinafikaje. Alitaka kujua kama zinaweza kubahatishwa.

Kuanzia 000000 hadi 999999 kuna namba 1,000,000. Kwa mtu anayebonyeza kwa kidole, hizo hazimaliziki. Kompyuta huzimaliza kwa muda mfupi, ikiwa hakuna anayeizuia. Instagram ilikuwa imeweka kizuizi: Muthiyah alipotuma majaribio 1,000 kwa mkupuo, kama 250 yalipita na 750 yakakataliwa. Hata hivyo aliona kasoro mbili. Kwanza, akibadilisha anwani ya mtandao ya kompyuta inayotuma, alipata nafasi mpya ya kujaribu akaunti ileile. Pili, majaribio yaliyofika kwa pamoja yaliponyoka kabla mfumo haujamaliza kuyahesabu.

Akachukua anwani 1,000, kila moja ikatuma majaribio 200. Yote 200,000 yakapita. Hesabu iliyobaki haikuhitaji utaalamu: anwani 5,000 mara majaribio 200 ni 1,000,000, yaani kila namba inayowezekana, ndani ya zile dakika 10. Alikadiria kwamba kukodi kompyuta za kazi hiyo kungegharimu dola 150 hivi. Facebook, mmiliki wa Instagram, iliziba pengo hilo na kumlipa zawadi ya dola 30,000.

Tukio hili linaonyesha kitu ambacho watengenezaji wengi wa mifumo hukisahau. Tarakimu 6 zenyewe ni kinga dhaifu, na muda wa dakika 10 peke yake haukumzuia mtu. Kinachofanya OTP iwe ngumu kubahatishwa ni hesabu ya makosa, na hesabu hiyo lazima ifungwe kwenye akaunti inayoguswa, wala si kwenye kompyuta inayogusa.

Hata namna ya kuhesabu ina siri yake. Mfumo uliotengenezwa kwa haraka hufanya hivi: unasoma mtumiaji amekosea mara ngapi, unalinganisha namba aliyoingiza na ile iliyotumwa, halafu unaongeza kosa moja. Majaribio 100 yakifika kwa wakati mmoja, yote 100 yanaweza kusoma kwamba makosa ni sifuri, na yote yakaruhusiwa. Dawa ni kugeuza mpangilio. Jaribio lihesabiwe kwanza, kwa hatua moja ambayo haiwezi kukatwa katikati, ndipo namba ilinganishwe. Likipita la tano, namba ife, hata kama la sita ndilo sahihi. Kwa kikomo hicho mshambuliaji ana nafasi 5 katika 1,000,000, yaani moja katika 200,000.

Namba yenyewe nayo isiwe ya kutabirika. Itolewe na chanzo cha bahati nasibu kilichotengenezwa kwa kazi za usalama, kisiwe kile cha kawaida cha michezo ya kompyuta, ambacho mtu akijua kilipoanzia huweza kujua kinachofuata. Na ihifadhiwe kama maandishi. Mfumo ukiihifadhi kama tarakimu za hesabu, 004217 inageuka 4217, na mtu aliyeandika sawasawa anaambiwa amekosea. Namba moja kati ya kila 10 huanza na sifuri, kwa hiyo malalamiko hayo yatakuwa mengi, na fundi atahangaika kutafuta tatizo kwa sababu kwake yeye namba ilikubali.

Sehemu inayoharibu kazi yote mara nyingi ni kitufe kidogo cha "Tuma tena".

Tuchukue mfumo unaoruhusu makosa 5 kwa kila namba, na kuomba namba mpya kila baada ya sekunde 30. Unaonekana mkali. Lakini ikiwa kila namba mpya inakuja na nafasi 5 mpya, mshambuliaji anaweza kuomba mara 2,880 kwa siku na kujaribu mara 14,400. Uwezekano wa kufanikiwa unakuwa takriban 1.4 kwa mia kila siku, na baada ya siku 48 hivi unafikia nusu kwa nusu. Akizishambulia akaunti 1,000 kwa pamoja, anaweza kutarajia kuingia kwenye akaunti 14 siku ya kwanza tu. Ndiyo maana kutuma tena hakupaswi kufuta makosa ya zamani, na muda wa kusubiri unapaswa kurefuka: sekunde 30, kisha dakika moja, kisha tano, hadi maombi yafungwe kwa saa kadhaa.

Mwenye simu naye ana haki zake. Meseji haiendi moja kwa moja. Hupitia kituo cha meseji cha kampuni ya simu, ambacho huitunza na kuijaribu tena simu ikiwa imezimwa au haina mtandao. Muda wa OTP, hata hivyo, huanza kuhesabiwa namba inapotengenezwa. Mtu aliye mahali penye mtandao hafifu hubonyeza "Tuma tena" mara mbili, kisha meseji tatu zinaingia kwa mpigo bila kufuata mpangilio. Anaingiza ya kwanza, inakataliwa, kwa kuwa ya mwisho imeifuta. Suluhisho zuri ni kurudia namba ileile maadamu muda wake haujaisha, pamoja na hesabu ileile ya makosa.

Kitufe hicho kinaweza pia kumaliza fedha za kampuni bila akaunti yoyote kuvunjwa. Kila meseji hulipiwa, na matapeli wanaopata mgawo wa malipo hayo huomba OTP kwa maelfu ya namba za simu wanazozimiliki. Mwaka 2022 Elon Musk alisema Twitter ilikuwa ikipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa utapeli huo. Machi 2023 kampuni hiyo iliwaondolea OTP ya meseji wateja wasiolipia. Kikomo kwa kila namba ya simu hakitoshi hapa, kwa kuwa kila namba huomba mara moja tu. Dalili huonekana kwenye uwiano: meseji zinazokwenda nchi fulani zinaongezeka ghafla, lakini karibu hakuna anayerudi kuingiza namba.

Ufundi wote huu unamzuia anayebahatisha. Haumzuii aliyesomewa namba kwa simu na mwenyewe, kwa sababu mfumo unaona tu kwamba namba ni sahihi na muda haujaisha. Ukipata OTP ambayo hukuiomba, kuna uwezekano kwamba mtu ameingiza namba yako mahali fulani na anasubiri tarakimu hizo. Usimtajie anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki au kampuni ya simu, na ubadilishe neno la siri la akaunti iliyotajwa kwenye meseji.